Dawa Tano Zinatibu, Jibu Bora ni Moja

Mwanamke wa miaka 29 amefika zahanati nchini Uingereza. Tangu jana anasikia kuungua akikojoa, anakwenda chooni kila mara, na mkojo wake una ukungu. Hana homa, hasikii maumivu mgongoni wala ubavuni, na hana mimba. Figo zake ni nzima na hana mzio wa dawa. Miezi miwili iliyopita alimaliza dozi ya trimethoprimu aliyopewa kwa ajili ya chunusi. Daktari anamuuliza mfamasia: antibayotiki ipi inamfaa zaidi mgonjwa huyu?

Machaguo ni matano: amoksisilini, sefaleksini, siprofloksasini, nitrofurantoini na trimethoprimu.

Swali hili nimelitunga mwenyewe, lakini limefuata sura ya maswali anayokutana nayo mhitimu wa famasia nchini Uingereza kabla ya kuandikishwa rasmi na baraza la wafamasia la huko, linalojulikana kwa kifupi kama GPhC. Mtihani wenyewe una karatasi mbili. Ya kwanza ni ya hesabu za dawa. Ya pili ina maswali 120 ya kujibiwa kwa dakika 150, kwa hiyo kila swali lina dakika moja na robo tu. Maswali 90 kati ya hayo ni ya kuchagua jibu moja lililo bora, na 30 yaliyobaki ni ya kuoanisha, ambapo orodha moja ya majibu hutumika kwa wagonjwa kadhaa. Wafamasia waliosomea nje, wakiwamo wa kutoka kwetu Afrika Mashariki, nao hupitia hapohapo baada ya masomo ya ziada na mwaka wa mazoezi kazini.

Sisi tuliosoma shule za huku tumezoea maswali ya kuchagua tangu darasani. Jibu moja ni kweli, mengine ni uongo, na anayejua somo lake huliona mara moja. Mtihani wa mfamasia hauendi hivyo. Dawa zote tano hapo juu zimewahi kutibu maambukizi ya njia ya mkojo, na zote zinaendelea kuandikwa. Anayezikariri kwa kujiuliza tu kama zinatibu ugonjwa huu atajibu ndiyo mara tano, kisha atabaki kukisia.

Tulipitie swali taratibu.

Amoksisilini inaanguka kwanza. Wadudu wanaosababisha tatizo hili mara nyingi ni bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, na wengi wao siku hizi wana usugu dhidi ya amoksisilini. Haitolewi kwa kukisia. Hutolewa pale tu maabara imeotesha mkojo na kuonyesha kwamba bakteria wa mgonjwa huyu bado wanauawa nayo. Siprofloksasini ina nguvu ya kutosha, ila Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, iliagiza kwamba dawa za kundi lake zitumike pale tu ambapo antibayotiki nyingine za kawaida hazifai, kwa sababu zinaweza kuacha madhara ya muda mrefu kwenye kano, misuli, neva na hata akili. Kumpa mtu dawa hiyo kwa maambukizi madogo ya kibofu, wakati zipo nyingine, ni kumwingiza hatarini bure. Sefaleksini ingeweza kumponya, lakini mwongozo wa Uingereza haujaiweka mbele kwa mwanamke asiye na mimba mwenye tatizo la kibofu peke yake.

Zinabaki mbili, na hapa ndipo mtahiniwa anapopimwa hasa. Mwongozo wa taasisi ya NICE, ambao ndio marejeo ya madaktari na wafamasia wa huko, unazitaja zote mbili kuwa za kuanzia: nitrofurantoini na trimethoprimu. Sharti la trimethoprimu ni kwamba isitolewe kama upo uwezekano mkubwa wa usugu, na mojawapo ya dalili za uwezekano huo ni mgonjwa kuwa ametumia dawa hiyohiyo ndani ya miezi mitatu iliyopita. Sasa rudi kwenye sentensi ya chunusi. Msomaji wa haraka huiona kama pambo, kwa kuwa chunusi na mkojo havihusiani. Kumbe sentensi hiyo ndiyo iliyobeba swali zima. Jibu ni nitrofurantoini, miligramu 100 za kutolewa taratibu mwilini, mara mbili kwa siku, kwa siku 3.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la wanaojiandaa kwa mitihani hii linaanzia hapa. Wakishaona jibu ni nitrofurantoini, wanaandika kwenye daftari kwamba maambukizi ya mkojo ni nitrofurantoini, wanafungua ukurasa unaofuata. Wamejifunza jina la dawa tu. Swali lilikuwa linapima jinsi jambo moja la mgonjwa linavyoamua kati ya dawa mbili zilizo halali, na hilo hawajalishika. Ndiyo maana mtu anaweza kupitia mamia ya maswali ya mazoezi na bado akashindwa mtihani.

Dawa ya kosa hilo ni kuyashughulikia majibu yaliyokataliwa. Kwa kila jibu uliloliacha, jiulize: ni mgonjwa gani ambaye kwake hili lingekuwa bora? Kisha lirekebishe swali mpaka jibu hilo lishinde. Tufanye hivyo kwa mwanamke wetu yuleyule, tukibadilisha jambo moja moja.

Chukua kwanza figo. Badala ya kuwa nzima, vipimo vyake vinaonyesha kwamba zinachuja mililita 38 kwa dakika. Nitrofurantoini ina tabia ya pekee: haikai kwa wingi kwenye damu wala kwenye nyama za mwili, bali figo huisukuma hadi kwenye mkojo na huko ndiko inakoua bakteria. Figo zikiwa dhaifu, dawa haifiki ya kutosha kwenye kibofu, na ile inayobaki mwilini inaweza kudhuru neva, mgonjwa akaanza kuhisi ganzi mikononi na miguuni. Uingereza imeweka mpaka wake kwenye 45, na chini ya hapo dawa hii kwa kawaida huepukwa. Tukiongeza kwamba mgonjwa huyu hajawahi kutumia trimethoprimu, hana dawa nyingine anazomeza, na maabara imeonyesha bakteria wake wanauawa na trimethoprimu, basi jibu lililoshindwa kwa sababu ya chunusi sasa linashinda.

Mrudishie figo zake nzima, kisha mpe homa ya nyuzi 38.9, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Sasa maambukizi yamepanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo zenyewe. Nitrofurantoini, ambayo haikai kwenye damu wala kwenye nyama ya figo, haiwezi kufika walipo bakteria. Ukiona ubavu na homa kwenye swali, iondoe kabla hata hujasoma mengine. Kwa mgonjwa huyu mwongozo wa Uingereza unaitanguliza sefaleksini, kwa siku 7 hadi 10.

Ongeza kwamba alipokuwa mtoto alichomwa sindano ya penisilini, koo likavimba na akaishiwa pumzi. Mzio wa aina hiyo, unaokuja ghafla na kutishia uhai, unaiondoa amoksisilini ambayo ni penisilini, na sefaleksini nayo inaepukwa kwa sababu ni jamaa wa karibu. Ikiwa maabara inaonyesha bakteria wana usugu dhidi ya trimethoprimu lakini wanauawa na siprofloksasini, basi ileile dawa tuliyoiita hatari isiyo ya lazima ndiyo jibu bora. Onyo la 2024 halijafutwa. Lilisema dawa hiyo itumike pale nyingine zisipofaa, na sasa zimekwisha kweli.

Mimba nayo ina hesabu zake. Akiwa na mimba ya wiki 20 na maambukizi ya kibofu tu, nitrofurantoini inarudi kuwa chaguo la kwanza, lakini kwa siku 7 badala ya 3, na mkojo upelekwe maabara kabla ya kuanza dozi. Watunga maswali wanaipenda sana tofauti hii ya siku. Wanaweka nitrofurantoini ya siku 3 kama jibu la kwanza na ya siku 7 kama jibu la nne, na mtahiniwa mwenye haraka anaweka alama kwenye la kwanza bila kushuka chini. Akiwa na mimba ya wiki 38, mambo yanageuka tena. Mtoto yuko karibu kuzaliwa, chembe zake nyekundu za damu bado hazina kinga ya kutosha dhidi ya nitrofurantoini, na zinaweza kupasuka. Hapo sefaleksini inapanda juu. Chembe za damu hupasuka vilevile kwa mtu mzima mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwamo. Upungufu huo ukitajwa popote kwenye kisa, nitrofurantoini haitolewi.

Mwanamke ni yuleyule na orodha ni ileile ya dawa tano, na nne kati yake zimekuwa jibu bora kwa zamu. Hii ndiyo sura ya yale maswali 30 ya kuoanisha, ambapo dawa moja yaweza kuwa jibu la mgonjwa zaidi ya mmoja na nyingine isiwe jibu la yeyote. Aliyezoea kubadilisha swali mwenyewe akiwa nyumbani hatashtuka akikutana nayo.

Na amoksisilini je? Jaribu kuitafutia mgonjwa. Unaweza kusema: mimba ya wiki 38, maambukizi ya kibofu, maabara inaonyesha bakteria wanauawa na amoksisilini na pia na sefaleksini. Hapo mwongozo unakubali dawa zote mbili. Mwingine atatetea amoksisilini kwa hoja kwamba inalenga bakteria wachache zaidi, na mwenzake atatetea sefaleksini, na hakuna jambo ndani ya kisa linalowaamua. Hilo ni swali bovu. Mtunzi makini angeongeza kwamba bakteria hao wana usugu dhidi ya amoksisilini, au angeiondoa mojawapo kwenye orodha. Maswali mabovu yamejaa kwenye vitabu vya mazoezi, na inafaa kuyatambua ili yasikupotezee muda wala kukuvunja moyo. Funika majibu kwa kiganja, soma kisa peke yake, kisha ujaribu kujibu. Kama kisa kimeandikwa vizuri na unalijua somo, jibu litakujia kabla ya kuona machaguo. Kama umejibu kwa sababu nzuri na kitabu kinasema jingine bila kukuonyesha ni neno gani ndani ya kisa lililoamua, usibadilishe ulichokijua kwa ajili ya kitabu hicho.

Mpaka hapa tumechagua dawa. Yapo maswali mengine ambamo machaguo ni vitendo, na hayo huwasumbua hata wafamasia waliokwisha kufanya kazi miaka mingi, kwa kuwa kila kitendo kinachotajwa wamewahi kukifanya.

Mama wa miaka 61 analeta cheti dukani. Kimeandikwa trimethoprimu kwa siku 3 kwa ajili ya maambukizi ya mkojo. Kumbukumbu za duka zinaonyesha kwamba kila wiki hutumia methotrekseti kwa ugonjwa wa viungo, pamoja na asidi ya foliki. Mfamasia afanye nini? Ampe dawa na kumwambia arudi haraka akiona homa, kidonda cha koo au michubuko. Ampe dawa na kumshauri aongeze asidi ya foliki. Amwambie aruke methotrekseti ya wiki hii. Asitoe dawa kwanza, awasiliane na daktari aliyeandika cheti. Ampe, kisha aandike tahadhari kwenye kumbukumbu zake.

Methotrekseti huzuia kazi ya foleti mwilini. Trimethoprimu nayo hufanya vivyo hivyo, na zaidi ya hapo hupunguza kasi ya figo kuitoa methotrekseti. Zikikutana, uboho unaweza kushindwa kutengeneza chembe za damu, na watu wamekufa kwa mchanganyiko huo, hata pale dozi ya trimethoprimu ilipokuwa fupi. Angalia sasa machaguo. Ushauri kuhusu homa na kidonda cha koo ni sahihi kabisa, na kila anayetumia methotrekseti anapaswa kuupata. Asidi ya foliki kweli husaidia kupunguza madhara ya methotrekseti. Kuandika kumbukumbu ni wajibu. Lakini majibu hayo matatu yanaanza na kumpa dawa, na hatari yenyewe imo ndani ya tendo hilo. Kuruka methotrekseti bila daktari wake kujua ni kubadilisha tiba ya mtu kwa mkono wa pembeni, na dawa ya wiki iliyopita bado imo mwilini. Jibu ni kutotoa, kisha kumpigia daktari na kumpendekezea dawa nyingine. Kama figo ziko sawa na hakuna kizuizi kingine, nitrofurantoini inafaa.

Kinachoamua katika maswali ya aina hii ni kitendo kipi kinaiondoa hatari na kipi kinaisubiri. Jibu linalosubiri linaweza kuwa na maneno mazuri na marefu kuliko yote, na likawa na kweli tupu ndani yake, lakini bado haliwezi kulishinda lile linaloizuia hatari kabla mgonjwa hajatoka mlangoni. Soma pia neno la mwisho la swali. Likiuliza hatua ya kwanza, kuandika kumbukumbu haiwezi kuwa jibu hata kama lazima ifanyike baadaye.

Kuna jambo moja la nje ya kisa linaloweza kumwangusha mtu anayejua kila kitu, nalo ni nchi na mwaka. Mpaka wa figo kwa nitrofurantoini nchini Uingereza ulikuwa 60 mpaka Septemba 2014, uliposhushwa hadi 45. Marekani, maelezo rasmi ya dawa hiyo yanataja 60. Mgonjwa mwenye kipimo cha 52 atakuwa na jibu moja kwenye kitabu cha London cha 2012, jingine kwenye cha London cha leo. Hali kadhalika, mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2011 uliiweka siprofloksasini mbele kwa maambukizi ya figo pale ambapo usugu ni mdogo, wakati Uingereza imeisogeza nyuma. Anayejiandaa kwa mtihani wa Tanzania naye anapaswa kutumia mwongozo wa taifa wa matibabu, maana orodha ya dawa na mpangilio wake ni vya hapa, na kitabu cha mazoezi cha nchi nyingine hakiwezi kumsaidia hapo. Swali lisiloonyesha limetoka nchi gani na mwaka gani halina jibu bora, lina maoni tu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu cha maswali, fungua sehemu ya majibu. Tazama mwaka kilipochapishwa na mwongozo kilioufuata, kisha uchague swali lolote na uone kama kimeeleza kwa nini yale majibu manne mengine yameshindwa. Kikitaja herufi ya jibu na kuishia hapo, kirudishe kwenye rafu.

Na wewe usiye na mtihani wowote, ukienda duka la dawa kwa tatizo la mkojo, mfamasia atakuuliza kama una mimba na ya wiki ngapi, kama una homa au maumivu ya ubavu, kama umewahi kudhurika na dawa, na dawa gani umezitumia miezi mitatu iliyopita. Mjibu yote, hata ile ya chunusi.